Ng'ombe 12 waliolirudisha jeshi la Qin

Swali: Mwalimu, kila mtu siku hizi anamnukuu Sun Tzu, yule Mchina wa kale anayesifika kwa kitabu chake cha vita, kwamba ushindi ulio bora ni kumshinda adui bila kupigana. Mimi naona ni maneno matamu tu ya vitabuni. Jeshi likishafika mlangoni kwako, utalishindaje bila kupigana? Je, Wachina wenyewe waliwahi kufanya hivyo kweli, au ni ngano? Na hiyo hila yao ina tofauti gani na uongo wa kawaida?

Jibu: Waliwahi, ndugu yangu, ila tuuweke kando kwanza mfano unaopendwa kuliko yote, ule wa jemadari Zhuge Liang kukaa juu ya ukuta akipiga ala ya nyuzi huku milango ya mji iko wazi na adui anakimbia kwa hofu. Wengi wameuona kwenye filamu na michezo ya kompyuta. Lakini mwanahistoria Pei Songzhi aliukataa tangu mwaka 429 BK, kwa hoja rahisi tu: Sima Yi, jemadari anayesemwa alitishika akageuza jeshi, wakati huo alikuwa kituoni kwake Wan, mbali na mji huo.

Mfano wenye mizizi ni wa dola ndogo ya Zheng, katikati ya China. Mwaka 630 KK Zheng iliyaondoa majeshi mawili yaliyoizingira, kwa mazungumzo ya usiku mmoja. Miaka mitatu baadaye ikalirudisha jeshi jingine ambalo lilikuwa limekwisha kusafiri mwendo mrefu likija kuiteka, na safari hii gharama yake ilikuwa ngozi 4 na ng'ombe 12. Visa vyote viwili vimo katika masimulizi ya kale yaitwayo Zuozhuan. Hotuba zilizomo huenda mwandishi alizipamba, kama waandishi wa tarehe wa zama zile walivyozoea, lakini mwendo wa matukio unaeleweka na unashikamana. Tena yalitokea zaidi ya miaka 100 kabla ya zama ambazo mapokeo yanamweka Sun Tzu. Ndiyo maana napenda kuanza na Zheng: inaonyesha kwamba mtu yule hakuota ndoto. Aliyaweka kwenye kanuni mambo ambayo watawala wa Kichina walikuwa wameshayaona kwa macho.

Kanuni yenyewe iko katika sura ya tatu ya kitabu chake chenye sura 13. Anapanga ngazi nne. Iliyo bora ni kuuvunja mpango wa adui. Inayofuata ni kuuvunja umoja wake na washirika. Ya tatu ni kulipiga jeshi lake uwanjani. Ya mwisho, inayofanywa tu pale isipokuwepo njia nyingine, ni kuishambulia miji yenye kuta. Watu husoma hapo wakadhani mzee alikuwa na moyo wa huruma. Mimi naona alikuwa mtu wa hesabu. Anasema kutengeneza ngao kubwa na magari ya kuvunjia ukuta huchukua miezi 3, na kujenga vilima vya udongo vya kupandia ukuta miezi 3 mingine. Jemadari akiishiwa subira, atawapandisha askari ukutani kama siafu, theluthi yao watakufa, na mji hautatekwa. Kwingine anakadiria kwamba jeshi la watu 100,000 hula vipande 1,000 vya dhahabu kila siku, na kwamba kaya 700,000 hushindwa kulima ipasavyo kwa sababu ya kulihudumia. Ukishinda vita vya namna hiyo, unarudi nyumbani umedhoofika, na jirani aliyekuwa akikuangalia ndiye anayeanza vita vyake.

Kwa hiyo "bila kupigana" hapa maana yake si kukaa kwa amani. Ni kumpiga adui mahali palipo laini kuliko jeshi lake, yaani katika fikra zilizomfanya aje. Sasa twende Zheng uone jambo hilo likifanyika.

Zheng ilikaa tambarare, mji wake mkuu ukiwa pale ulipo Xinzheng wa leo, mkoani Henan. Kaskazini yake kulikuwa na dola kubwa ya Jin, kusini dola kubwa ya Chu, na magharibi, mbali, dola ya Qin. Kijiografia ilikuwa imebanwa pande zote. Mtawala Wen wa Jin aliichukia kwa sababu mbili. Alipokuwa mkimbizi, katika miaka 19 ya kutangatanga kabla hajakalia kiti, alipita Zheng na hakupokelewa kwa heshima. Na baadaye Zheng ilielemea upande wa Chu, hasimu wake. Mwaka 630 KK akaja kulipa kisasi, akiwa na Mtawala Mu wa Qin. Hawa wawili walifungamana kwa ndoa, na zaidi ya hapo, ni Mtawala Mu huyo huyo aliyempa Wen msaada wa kurudi kwao na kukalia kiti mwaka 636 KK. Majeshi yao yakapiga kambi mbalimbali, la Jin mahali paitwapo Hanling na la Qin kusini ya mto Fan. Hilo la kambi kuwa mbalimbali ulishike, tutalihitaji.

Ndani ya mji mshauri mmoja akamwambia mtawala wa Zheng: mtume Zhu Zhiwu kwa mtawala wa Qin, na jeshi litaondoka. Zhu Zhiwu alikuwa mzee, na hakuwahi kupewa cheo cha maana. Akajibu kwa uchungu kwamba alipokuwa kijana hawakumwona kuwa kitu, sasa amezeeka, atafaa nini? Mtawala akakiri kwamba kosa lilikuwa lake kutomtumia mapema akamkumbuka siku ya shida, lakini akaongeza kuwa Zheng ikiangamia, mzee naye atapata hasara. Mzee akakubali. Usiku wakamteremsha nje ya ukuta kwa kamba.

Tazama alichokisema mbele ya Mtawala Mu, maana hakuna sentensi hata moja ya kuomba huruma. Alianza kwa kukiri kwamba Zheng inajua imekwisha. Kisha akauliza: ikifa, faida ni ya nani? Kati ya Qin na Zheng kuna Jin. Qin haiwezi kuishika ardhi iliyo ng'ambo ya nchi ya mwingine, kwa hiyo kila shamba la Zheng litakalotekwa leo litakuwa la Jin kesho, na jirani akinenepa wewe ndiye unayekonda. Ukiiacha Zheng hai, itakuwa mwenyeji wa wajumbe wako wanaokwenda mashariki, itawapa chakula na mahitaji, nawe hupati madhara yoyote. Tena akamkumbusha deni: mtawala mmoja wa Jin aliyetangulia alisaidiwa na Qin, akaahidi kutoa miji ya Jiao na Xia, na asubuhi alipovuka mto kurudi kwao, jioni yake tayari alikuwa anajenga ngome dhidi ya huyo aliyemsaidia. Jin haishibi, alisema mzee. Ikimaliza kujitanua mashariki kwa kuimeza Zheng, itataka magharibi, na magharibi kuna nani kama si Qin?

Mtawala Mu akafurahi. Akafanya mapatano na Zheng, akaacha maofisa watatu, Qi Zi, Feng Sun na Yang Sun, waulinde mji huo waliokuja kuuteka, akaondoka. Kwa upande wa Jin, mshauri mmoja alitaka walifuate jeshi la Qin na kulipiga. Mtawala Wen alikataa: bila mtu yule nisingekuwa hapa, na kumdhuru aliyekusaidia si utu, na kumpoteza mshirika si akili. Naye akarudi kwao.

Hiyo ni ngazi ya pili ya Sun Tzu, kuvunja umoja, na imefanywa bila uongo hata mmoja. Kila alichosema Zhu Zhiwu kilikuwa kweli, na Mtawala Mu alikuwa anakijua tayari. Kazi ya mzee ilikuwa kukitoa kilipokuwa kimelala na kukiweka mbele ya macho yake kwa wakati ufaao. Ndiyo maana nilikwambia uzishike zile kambi mbili. Kama majeshi yangekuwa kambi moja, mzee asingempata Mtawala Mu peke yake, na maneno yale yale yangesikika mbele ya Mtawala Wen yakawa upuuzi. Kumjua adui hapa hakukuwa kujua ana askari wangapi. Kulikuwa ni kujua kwamba adui ni wawili, kwamba mmoja wao ana hesabu ya zamani isiyolipwa, na kwamba huyo ndiye aliyelala upande unaofikika kwa kamba usiku.

Lakini ushindi huo uliacha sumu ndani ya mji. Wale maofisa watatu wa Qin walibaki. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zheng haikumpa mtu jembe, ikawapa funguo. Mwaka 628 KK Qi Zi alituma ujumbe wa siri kwa Mtawala Mu: Wazheng wamenikabidhi funguo za lango la kaskazini, ukileta jeshi kimyakimya mji ni wako. Mwaka huo huo Mtawala Wen wa Jin alikuwa amefariki, na Mu akaona nafasi imefunguka.

Alimwuliza mzee wake Jian Shu, na jibu lake ni somo zima la upelelezi. Alisema hajawahi kusikia jeshi likienda mbali namna ile kumvamia mtu kwa ghafla. Askari watafika hoi, na mwenye mji atakuwa amejiandaa, maana mwendo wa li 1,000, kipimo cha umbali cha Kichina, nani asiyeujua? Mtawala hakumsikia. Jeshi lilipotoka, Jian Shu alilia mbele ya majemadari kwamba anawaona wakitoka na hatawaona wakirudi. Mwanawe mwenyewe alikuwa katika jeshi hilo, na mzee alimtajia hata mahali atakapokwenda kuokota mifupa yake: njia nyembamba ya Xiao, kati ya vilima viwili.

Jeshi likapita mbele ya lango la mji wa mfalme wa Zhou, magari ya vita 300. Wapiganaji walivua kofia za chuma na kushuka kwa heshima, kisha wakayarukia tena magari kwa madaha yakiwa yanakwenda. Kijana mmoja wa ukoo wa mfalme, Wangsun Man, alitazama akasema jeshi hili litashindwa, maana lina wepesi na halina adabu. Mimi sitilii mkazo utabiri wa namna hii. Aliyeandika alikuwa anajua mwisho wake. Ila kuna jambo moja lisilo na shaka ndani yake: jeshi la siri lilikuwa linapita barabarani mchana, na watoto wanalitazama.

Likafika Hua, si mbali na Zheng. Hapo likakutana na mfanyabiashara wa Zheng aitwaye Xian Gao, aliyekuwa safarini kwenda Zhou kuuza bidhaa zake. Hakuwa ofisa na hakuna aliyemtuma. Akaelewa mara moja jeshi hili linakwenda wapi. Akafanya mambo mawili kwa pamoja. Alituma mjumbe wa farasi wa kupokezana akimbie kuwaonya watu wa Zheng. Na yeye mwenyewe akaenda mbele ya majemadari, akatanguliza ngozi 4 zilizotengenezwa, kisha ng'ombe 12, akasema kwamba mtawala wake amesikia waheshimiwa watapita karibu na mji wake duni, na amemtuma awakirimu askari. Mkikaa, alisema, tutawapa chakula cha siku moja, na mkiendelea na safari, tutawalinda usiku mmoja.

Huo ulikuwa uongo, na tuuite kwa jina lake. Lakini angalia ulivyojengwa. Xian Gao hakusema Zheng ina askari wengi, wala hakumtisha mtu. Alitoa zawadi. Zawadi ya ng'ombe 12 ni ghali kwa mtu binafsi, kwa hiyo haikuwaingia majemadari akilini kwamba mpita njia angeitoa mfukoni mwake. Lazima imetoka ikulu. Na kama ikulu imetuma mtu kuwapokea njiani, basi ikulu inajua. Hitimisho hilo hakulitamka yeye. Walilifikia wenyewe, na mtu huliamini zaidi lile alilolikokotoa kwa akili yake kuliko aliloambiwa.

Tena alilenga mahali pamoja tu. Mpango wa Qin ulisimama juu ya nguzo mbili: funguo zilizomo ndani, na Zheng kutojua. Ukiondoa hiyo ya pili, ya kwanza haina kazi, maana lango likishalindwa, funguo ni chuma tu. Jemadari Meng Ming alipima akasema Zheng imejiandaa, hatuna tumaini: tukiivamia hatutashinda, tukiizingira hatuna jeshi la kutufuata nyuma. Huyu hakuwa mwoga. Alikuwa anafanya ile ile hesabu ya Sun Tzu. Mbali na kwao, bila akiba, mbele ya mji ulioamka, akili ilimwelekeza arudi. Hila ya Xian Gao ilifanya kazi kwa sababu aliyedanganywa alikuwa anafikiri vizuri. Mpumbavu angekula wale ng'ombe akaendelea na safari.

Wakati huo onyo lilikuwa limefika mjini. Mtawala mpya wa Zheng alituma watu wakaangalie nyumba ya wageni, wakakuta maofisa wa Qin wamefunga mizigo, wamenoa silaha, na farasi wamelishwa. Hakuwakamata. Alimtuma mtu na ujumbe wa adabu kabisa: mmekaa nasi muda mrefu, nyama yetu kavu na nafaka na mifugo vimekwisha, tunaona mnajiandaa kuondoka, sisi tuna mbuga yetu ya kuwindia kama ninyi mlivyo na yenu, mnaonaje mkijichukulia paa huko njiani mkatupumzisha? Qi Zi akakimbilia dola ya Qi, wenzake wawili wakakimbilia Song. Hakuna damu iliyomwagika. Hii pia ni kanuni ambayo Sun Tzu aliiandika baadaye, kwamba jeshi ulilolizingira uliachie upenyo wa kutokea. Ukiwafungia wale watatu ndani, umewalazimisha wapigane na kufungua lango. Ukiwaonyesha mlango, wanautumia.

Jeshi la Qin liliibomoa Hua ili lisirudi mikono mitupu, likashika njia ya kwao. Pale Xiao, kama alivyosema Jian Shu, jeshi la Jin lilikuwa linalisubiri, likaliangamiza na kuwateka majemadari wake watatu. Ulikuwa mwaka 627 KK. Wazheng hawakupoteza askari, na aliyekuja kuwateka alipigwa na mtu mwingine.

Sasa nirudi kwenye swali lako la hila na uongo. Sun Tzu anasema waziwazi katika sura ya kwanza kwamba vita ni njia ya hila: ukiweza, jionyeshe huwezi; ukiwa karibu, jionyeshe uko mbali. Wanaomsoma haraka hukomea hapo wakafikiri siri yote ni kudanganya. Wanasahau kwamba sura ya mwisho ya kitabu, ya 13, inahusu majasusi tu, na hii ndiyo inayoishikilia ile ya kwanza. Anasema kuyajua mambo kabla hayajatokea hakupatikani kwa mizimu, wala kwa kulinganisha na yaliyopita, wala kwa kutazama nyota. Kunapatikana kwa watu wanaoijua hali ya adui. Anawagawa majasusi makundi matano: wenyeji wa nchi ya adui, maofisa wake wa ndani, majasusi wake mwenyewe uliowageuza, wale unaowapa habari za uongo wazipeleke ingawa watauawa, na wale wanaokwenda na kurudi wakiwa hai na habari. Muhimu kuliko wote kwake ni yule aliyegeuzwa, kwa sababu kupitia kwake unapata kuwajua na kuwatumia wengine wote. Na kiongozi anayeona uchungu kutoa vipande 100 vya dhahabu kwa kazi hii, wakati jeshi linakula 1,000 kwa siku, anamwita mtu asiye na utu hata chembe.

Uongo bila maarifa hayo ni kubahatisha. Xian Gao alijua barabara, alijua kwa nini jeshi liko pale, alijua desturi ya kukirimu majeshi yanayopita ili zawadi yake isionekane ya ajabu. Angekosea moja kati ya hayo, angepoteza ng'ombe na kichwa pia. Kinyume chake, tazama Mtawala Mu: alikuwa na jasusi wa ndani kabisa, mwenye funguo mkononi, na bado alishindwa. Qi Zi alimwambia ukweli kuhusu lango, akamfanya asiulize kuhusu njia. Habari moja tamu ilimziba macho asione nyingine zote. Nikiwafundisha vijana, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, maana wengi hudhani kuwa na jasusi ndiko kumjua adui.

Usidhani pia kwamba njia hii ni ya wanyonge wenye haki peke yao. Waliokuja kuitumia kwa ukatili mkubwa ni hao hao Qin, karne nne baadaye. Mwaka 237 KK mshauri aitwaye Wei Liao alimwambia mfalme wa Qin, yule aliyekuja kuwa mfalme mkuu wa kwanza wa China, kwamba asiwe mchoyo: vipande visivyozidi 300,000 vya dhahabu vikitolewa kwa mawaziri wenye nguvu wa dola nyingine, mipango yao itavurugika na dola zote zitamalizika. Mfalme akakubali. Dola ya Zhao ilikuwa na jemadari hodari, Li Mu, ambaye majeshi ya Qin hayakumweza uwanjani. Qin ikampa hongo Guo Kai, kipenzi cha mfalme wa Zhao, naye akamchongea Li Mu kwamba anapanga uasi. Mfalme akamwua jemadari wake mwenyewe. Mwaka 228 KK mji mkuu wa Zhao ukaanguka. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa Zhao kilikuwa kimelipwa kwa dhahabu ya Qin.

Dola ya Qi, iliyokuwa mashariki kabisa, ndiyo ilishindwa bila kupigana kwa maana kamili ya maneno hayo. Waziri wake mkuu, Hou Sheng, na wageni wa ikulu walikuwa wakipokea dhahabu ya Qin, wakimshauri Mfalme Jian asijiandae kwa vita wala asiwasaidie majirani. Majirani wakaisha mmoja baada ya mwingine. Mwaka 221 KK jeshi la Qin lilipofika, Hou Sheng akamshauri mfalme ajisalimishe, naye akajisalimisha. Walimhamishia Gong, na huko akafa kwa njaa. Angalia ulinganifu wake na Zheng: hoja aliyoitumia Zhu Zhiwu kuwatenganisha Qin na Jin ni ile ile ambayo dhahabu iliitumia kumtenga Qi na wenzake, isipokuwa ya kwanza ilikuwa kweli na ya pili ilikuwa sumu.

Na mwisho, mipaka yake, kwa sababu swali lako lina shaka ya haki ndani yake. Kushinda bila kupigana hakufanyi kazi pale adui asipokuwa na cha kupoteza, au pale wewe usipokuwa na chochote nyuma ya maneno. Sun Tzu mwenyewe, sura ile ile ya tatu, anatoa vipimo: ukimzidi adui mara kumi mzingire, mara tano mshambulie, mara mbili mgawanye, mkilingana unaweza kupigana naye, ukiwa mdogo kuliko yeye jiepushe. Huyu si mtu aliyedhani hila inachukua nafasi ya nguvu. Zheng ilikuwa na ukuta, na Meng Ming alipohesabu, ukuta huo ulikuwamo katika hesabu yake. Tena mtafiti Alastair Iain Johnston, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995 kuhusu enzi ya Ming, alionyesha kwamba wakuu wa Kichina walionukuu sana maneno ya amani walielekea kutumia nguvu walipojiona wana uwezo. Kwa hiyo ukiambiwa Wachina kwa asili hawapendi vita na hushinda kwa hekima tu, mwulize anayesema hivyo kuhusu Qin.

Zheng yenyewe iliendelea hivyo kwa vizazi, leo ikiapa kwa Jin, kesho kwa Chu, ikinunua muda kwa wajumbe na mapatano. Kila ushindi wa namna hii ulidumu kadiri hesabu ya adui ilivyodumu, na hesabu ilipobadilika, ilibidi utafutwe mwingine. Mwaka 375 KK jirani yake, dola ya Han, iliiteka na kuhamishia mji wake mkuu pale pale.